Namna ya Kupima Kama Kigunduzi cha Matini za Mashine Kinahimili Kuandikwa Upya

Tangu tulipoanza kukutana hapa Tanga mjini, walimu kadhaa na vijana wanaosomea lugha na kompyuta, swali moja limekuwa likirudi kila mara. Mtu ametengeneza au amepakua kigunduzi, yaani programu inayokadiria iwapo matini imeandikwa na binadamu au na modeli ya lugha, akakijaribu kwa matini mia moja, kikanasa tisini, naye anauliza: je, hiki kigunduzi ni imara? Jibu ni kwamba bado hajakipima. Amekipima kwa matini zilizotoka kwenye mashine moja kwa moja bila kuguswa, ilhali katika matumizi ya kweli matini hufika ikiwa imeshapitishwa mikononi, imebadilishwa maneno na kupangwa upya. Watafiti huita jaribio la namna hii shambulio la kuandika upya, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulifanya kwa matini za Kiswahili kwa kutumia kompyuta ya kawaida, kisha namna mtengenezaji wa kigunduzi anavyoweza kujibu.

Swali la pili linalorudi ni kama jaribio hili haliwafundishi watu udanganyifu. Mimi naliona kinyume chake, kwa sababu ya jambo nililolishuhudia. Kijana mmoja wa Pongwe aliitwa na chuo chake, ambacho sitakitaja, akaambiwa kwamba insha yake imeandikwa na mashine kwa kuwa programu fulani ilisema hivyo. Hakuna aliyeweza kumwambia programu ile ilipimwa kwa matini za nani wala ilikosea mara ngapi. Anayejua udhaifu wa kigunduzi hatakitumia peke yake kumhukumu mtu.

Ukubwa wa udhaifu wenyewe ulionyeshwa wazi mwaka 2023, pale Kalpesh Krishna na wenzake walipotoa modeli ya kuandika upya iitwayo DIPPER, yenye vigezo bilioni 11, ambayo huandika upya aya nzima badala ya sentensi moja moja. Walipoitumia kwenye matini za modeli ya GPT2-XL, uwezo wa kigunduzi cha DetectGPT kunasa ulishuka kutoka asilimia 70.3 hadi 4.6, huku kiwango cha kuwasingizia binadamu, yaani kuziita matini zao za mashine, kikiwa kimeshikiliwa kwenye asilimia 1. Zingatia maneno hayo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo msingi wa hatua zote zinazofuata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji kigunduzi kinachotoa alama ya namba kwa kila matini. Kinachotoa neno "mashine" au "binadamu" peke yake hakifai kwa kazi hii. Unahitaji matini 300 za binadamu na 100 za mashine, zote zikiwa na maneno kati ya 150 na 250, na zikizungumzia mada za aina moja. Unahitaji njia ya kuandika upya, iwe ni modeli nyingine ya lugha unayoweza kuiendesha au ni watu wenye ustadi. DIPPER yenyewe ilifunzwa kwa Kiingereza, kwa hiyo usiitegemee hapa. Mwisho, tafuta wasomaji wawili wanaokijua Kiswahili vizuri, na jedwali ambamo kila matini itakuwa na namba yake isiyobadilika.

Hatua ya 1: Kusanya matini za binadamu usizozitilia shaka

Tumia matini zilizoandikwa kabla ya tarehe 30 Novemba 2022, siku ChatGPT ilipotolewa kwa umma, maana baada ya hapo huwezi kuwa na hakika kwa kutazama tu. Insha za zamani za wanafunzi, ukiwa na ruhusa yao na majina yakiwa yameondolewa, ni bora kuliko makala za magazeti iwapo kigunduzi chako kitatumika kwa insha za wanafunzi.

Kosa la kawaida ni kuchukua matini za binadamu za aina moja na kuziweka mbele ya matini za mashine za aina nyingine. Mwaka huo huo wa 2023 utafiti wa Weixin Liang na wenzake ulionyesha kwamba vigunduzi saba vya Kiingereza viliwasingizia, kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha 91 za mtihani wa TOEFL, ambazo ziliandikwa na watu wasiozaliwa na lugha hiyo. Huenda vigunduzi hivyo vingeonekana safi kabisa vingepimwa kwa matini za waandishi wazawa peke yao.

Hatua ya 2: Weka kizingiti kabla ya kushambulia

Chukua matini 200 za binadamu, pata alama zake, uzipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha uchague kizingiti ambacho matini zisizozidi mbili tu zitakuwa juu yake. Hiyo ndiyo asilimia 1 ya kusingizia. Ikiwa alama kubwa humaanisha "mashine", unaweza kuandika hivi:

```python
import numpy as np
panga = np.sort(alama_binadamu)[::-1]
k = int(0.01 * len(panga))
kizingiti = panga[k]   # mashine: alama > kizingiti
```

Matini 100 za binadamu zilizobaki zitumie kuhakiki kizingiti hicho. Fahamu kwamba makosa mawili kati ya 200 hayathibitishi asilimia 1 kamili. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, kiwango halisi kinaweza kuwa zaidi ya asilimia 3. Liandike hilo katika taarifa yako.

Baada ya hatua hii kizingiti hakiguswi tena. Nimeona kazi nyingi zikiharibika hapa, pale mtu anapokishusha kizingiti baada ya shambulio ili matini zilizoandikwa upya zinaswe, asiangalie ni binadamu wangapi wameanguka pamoja nazo.

Hatua ya 3: Andika upya kwa viwango vitatu

Tumia matini zilezile 100 za mashine katika kila kiwango, ili uweze kulinganisha matini na nafsi yake. Kiwango cha kwanza ni kubadili maneno tu na kuacha mpangilio. Kiwango cha pili ni kubadili maneno pamoja na mpangilio wa sentensi. Kiwango cha tatu ni kuandika upya aya nzima, ambapo sentensi zinaweza kuunganishwa, kugawanywa na kuhamishwa. DIPPER ina vidhibiti viwili vya aina hii, kimoja cha maneno na kingine cha mpangilio, na kutenganisha vitu hivyo viwili ndiko kunakokuonyesha kigunduzi kinategemea nini.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Ukibadili nomino bila kubadili upatanisho wake, hujaandika upya, umeharibu. Tuchukue matini hii fupi ya mashine:

"Mkonge ni zao kuu la biashara mkoani Tanga. Zao hili lilianza mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikapandwa Kikokwe, Pangani."

Programu ya kubadili neno kwa neno itaweka "mmea" mahali pa "zao" na kukupa "mmea hili lilianza", ilhali mwandishi angesema "mmea huu ulianza". Alama ya kigunduzi itashuka, nawe utadhani umepata shambulio kali, kumbe kigunduzi kimeshtuliwa tu na kosa la ngeli ambalo modeli za lugha hazilifanyi mara nyingi. Matini ya namna hiyo haipiti.

Mtego wa pili uko katika kupima ni kiasi gani matini imebadilika. Kipimo kinachohesabu maneno mazima yaliyofanana kitaona "hili lilianza" na "huu ulianza" kuwa maneno manne tofauti, ingawa kilichobadilika ni viambishi tu. Kwa hiyo matini ya Kiswahili itaonekana imebadilishwa sana kuliko ilivyo. Pima kwa vipande vya herufi tatu hadi tano badala ya maneno mazima.

Pitisha pia matini 50 za binadamu kwenye njia hiyohiyo ya kuandika upya. Wengi huiacha sehemu hii, kisha wakakosa majibu baadaye, kama nitakavyoeleza katika sehemu ya matatizo.

Hatua ya 4: Kagua maana kabla ya kuhesabu

Kwa kila matini ya asili andika orodha fupi ya mambo ambayo hayana budi kubaki. Kwa mfano wetu wa mkonge ni matano: zao kuu la biashara Tanga, mwaka 1893, Hindorf na Florida, miche 62 kuwa hai kati ya 1,000, na Kikokwe kuwa Pangani. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, wanatia alama kwenye kila jambo bila kujua alama ya kigunduzi. Matini iliyopoteza jambo lolote huondolewa.

Tazama namna hizi mbili za kiwango cha tatu:

"Kati ya miche 1,000 ambayo Richard Hindorf aliagiza Florida mwaka 1893, iliyosalimika safarini ni 62 peke yake. Ilipandwa Kikokwe, Pangani, na huo ukawa mwanzo wa zao linaloongoza kibiashara mkoani Tanga."

"Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Alipoteza miche 62 kati ya 1,000 kabla ya kupanda Kikokwe, Pangani, na leo zao hili linaongoza kibiashara mkoani Tanga."

Zote mbili zinasomeka vizuri, na kipimo cha kufanana kwa mashine kinaweza kuzipa alama zinazokaribiana kwa kuwa zina majina na namba zilezile. Lakini ya pili imegeuza historia, maana miche 62 ndiyo iliyopona na siyo iliyopotea. Shambulio lililobadilisha maana halikukishinda kigunduzi, kwa sababu limeleta matini nyingine kabisa. Hakuna mkato wa hatua hii, na kama muda wako ni mdogo, punguza idadi ya matini badala ya kuuacha ukaguzi.

Hatua ya 5: Pima tena, na ulinganishe zilezile

Hesabu inayofuata ni ya kuonyesha njia tu. Tuseme kabla ya shambulio kigunduzi kilinasa matini 84 kati ya 100. Katika kiwango cha tatu, matini 20 zimeondolewa na wasomaji, zikabaki 80. Kati ya hizo 80, rudi nyuma uone ngapi zilinaswa zikiwa bado za asili. Tuseme ni 66. Sasa zinanaswa 22. Taarifa sahihi ni kwamba unasaji umeshuka kutoka 66 kati ya 80, yaani asilimia 82.5, hadi 22 kati ya 80, yaani asilimia 27.5, kizingiti kikiwa kilekile. Kulinganisha 84 ya mwanzo na 22 ya mwisho ni kosa, kwa kuwa makundi hayo mawili si ya matini zilezile.

Usitoe wastani wa viwango vitatu. Kigunduzi kinachohimili kiwango cha kwanza na kuanguka kwenye cha pili kimeegemea mpangilio wa sentensi, na hiyo ni habari ambayo mtengenezaji anaweza kuifanyia kazi.

Hatua ya 6: Mtengenezaji ajibu

Jibu lililoleta matokeo makubwa katika utafiti ule wa DIPPER halikuwa kigunduzi kikali zaidi, bali ghala. Anayeendesha modeli ya lugha huhifadhi kila matini inayotoka kwenye modeli yake. Ikija matini ya kuchunguzwa, haulizwi mtindo wake umekaaje, bali hutafutwa ghalani iwapo kuna matini inayofanana nayo kwa maana au kwa maneno. Anayeandika upya amefungwa na jambo moja: lazima aihifadhi maana, na maana ndiyo inayotafutwa. Watafiti hao walijenga ghala la matini milioni 15, na likanasa kati ya asilimia 80 na 97 ya matini zilizoandikwa upya, huku likisingizia asilimia 1 tu ya zile za binadamu.

Unaweza kulijaribu kwa udogo. Weka ghalani matini zako 100 za asili za mashine, ongeza nyingine nyingi za mashine zenye mada tofauti na zinazokaribiana, kisha utafute zile zilizoandikwa upya:

```python
from sklearn.feature_extraction.text import TfidfVectorizer
v = TfidfVectorizer(analyzer="char_wb", ngram_range=(3, 5))
ghala = v.fit_transform(matini_za_mashine)
alama = (v.transform([mpya]) @ ghala.T).max()
```

Nimechagua vipande vya herufi kwa sababu ileile ya upatanisho: "ilipandwa", "ikapandwa" na "kupandwa" vitashirikiana "pandwa" badala ya kuonekana maneno matatu yasiyojuana. Kizingiti cha ghala nacho kiwekwe kwa matini zilezile 200 za binadamu, kwa utaratibu wa hatua ya 2.

Mipaka ya njia hii ni ya kweli. Ghala humfaa mwenye modeli peke yake, kwa kuwa mwalimu wa Chumbageni hana nakala ya yote yaliyoandikwa na modeli ya mtu mwingine, na modeli inayoendeshwa kwenye kompyuta ya mtu binafsi haina ghala popote. Kuhifadhi kila jibu kunagusa siri za watumiaji. Aidha, kadiri ghala linavyokua ndivyo matini ya binadamu inavyozidi kupata ndani yake kitu kinachofanana nayo kwa bahati, kwa hiyo kizingiti hakina budi kuwekwa upya kila ghala linapoongezeka sana.

Jibu la pili ni kukifunza kigunduzi kwa matini zilizoandikwa upya. Njia ya RADAR, iliyotolewa pia mwaka 2023, hufunza kigunduzi na mwandishi-upya pamoja, mmoja akijitahidi kumkwepa mwenzake na mwingine akijitahidi kumnasa. Ukijaribu kitu rahisi zaidi cha namna hiyo, angalia mambo mawili. Matini ya asili na watoto wake wote wakae upande mmoja, ama wa kufunzia ama wa kupimia, kwa maana wakigawanyika kigunduzi kitaikumbuka mada ya mkonge na kujifanya kimejifunza mtindo. Pia pima kwa mwandishi-upya ambaye hakutumika kabisa katika mafunzo, la sivyo utakuwa umefunza kigunduzi cha mtu mmoja.

Jibu la tatu ni alama fiche, ambapo modeli, inapoandika, hupendelea kwa siri vipande fulani vya maneno, nasi tunaviita vya kijani. Tuseme robo ya vipande ni vya kijani kwa bahati. Katika matini ya vipande 200 tunatarajia 50 kwa binadamu, na tukikuta 100 tofauti ni kubwa mno kuwa bahati. Ukubwa wa tofauti hiyo hupimwa kwa z, ambapo T ni idadi ya vipande vyote na G ni idadi ya vile vya kijani:

```
z = (G - 0.25*T) / sqrt(T * 0.25 * 0.75)
T=200, G=100:  z = 8.2
T=200, G=68:   z = 2.9
T=800, G=272:  z = 5.9
```

Tukichukua 4 kuwa kizingiti cha z, matini ikiandikwa upya hadi vya kijani vikapungua kuwa asilimia 34, vipande 200 havitoshi kuinasa, lakini 800 vyenye asilimia ileile vinatosha. Kuandika upya hudhoofisha alama hii bila kuifuta kabisa, na urefu wa matini huirudishia nguvu. Kwa hiyo taarifa ya kigunduzi cha aina hii isiyotaja urefu wa matini haina maana.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatambua

*Unasaji unapanda badala ya kushuka baada ya kuandika upya.* Mwandishi-upya wako ni modeli, naye ana mtindo wake ambao kigunduzi kinaujua. Hapo ndipo zile matini 50 za binadamu zilizoandikwa upya zinapohitajika: nazo zikinaswa kwa wingi, kigunduzi kinamnasa mwandishi-upya na si mwandishi wa kwanza. Amueni mapema iwapo matini ya binadamu iliyosahihishwa na mashine mtaihesabu kuwa ya nani, kisha muiandike kanuni hiyo katika taarifa.

*Alama za matini zote zimeshuka, za binadamu pamoja nazo.* Angalia urefu. Kuandika upya mara nyingi hufupisha, na vigunduzi vingi huyumba kwenye matini fupi. Kata matini za pande zote mbili ziwe na urefu unaolingana, upime tena.

*Wasomaji wawili hawakubaliani juu ya maana.* Kwa kawaida orodha ya mambo ndiyo yenye tatizo. "Historia ya mkonge" si jambo linaloweza kutiwa alama, lakini "miche 62 iliyobaki hai" linaweza. Andikeni orodha upya pamoja, kisha kila mmoja arudie peke yake.

*Ghala linawasingizia binadamu kwenye barua rasmi.* Hili lilitusumbua kwa siku kadhaa. Barua nyingi za ofisini huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na humalizika kwa maneno yaleyale ya shukrani, za binadamu na za mashine pia, kwa hiyo barua fupi hufanana na ghala hata kama hazina uhusiano. Ondoa mafungu hayo ya mazoea, pamoja na nukuu za aya za dini na za sheria, kabla ya kutafuta. Iwapo baada ya kuyaondoa matini imebaki na maneno chini ya hamsini, isipewe hukumu yoyote, bali iandikwe kuwa ni fupi mno kupimwa.